Vyuma vitatu, sifa tano: maswali na majibu ya kurivaizi kwa mwaka wa kwanza

Hii shiti ni ya wale wanaoingia kwenye testi ya kozi ya materiali na bado uimara, ugumu, ushupavu, ukakamavu na resiliensi vinaingiliana kichwani. Kwenye pepa utavikuta kama strengthi, hadnesi, tafnesi, stifnesi na resiliensi, kwa mpangilio huohuo. Namna ya kuitumia ni kufunika jibu kwa karatasi, andika la kwako hata kama ni mistari miwili tu, alafu ndo ufunue. Fuata mpangilio usirukeruke, maana namba za mwanzo tunazitumia tena huko chini.

Tutakaa na vyuma vitatu tu mwanzo mpaka mwisho. Cha kwanza ni flati baa ya chuma laini, ile ya kawaida inayotengenezea mageti. Cha pili ni pleti moja ya springi ya lori, zile zinazopangwa moja juu ya nyingine juu ya eksili. Cha tatu ni tupa ya fundi. Vyote ni chuma na kaboni kidogo, vyote ukivishika vina uzito uleule kwa saizi ileile, na ndo maana vinafaa, kwa sababu tofauti utakazoziona hazitokani na kulinganisha chuma na mbao au plastiki.

Hatua ya 1: chora grafu kabla hujaandika neno

Swali la 1. Kwenye grafu ya testi ya kuvuta, nini kinaenda wapi?

Stresi inasimama wima, streini inalala chini. Stresi ni mzigo ugawe kwa eneo la mkato, unapata MPa, na streini ni urefu ulioongezeka ugawe kwa urefu wa mwanzo, haina yuniti. Anza kuchora mstari mnyoofu unaopanda kutoka sifuri, huo ni ukanda ambao ukiachia mzigo chuma kinarudi kama kilivyokuwa. Mstari unafika mahali unapinda, pale ni yildi, na kuanzia hapo ukiachia mzigo chuma kinabaki kimerefuka kidogo. Baada ya hapo grafu inaendelea kupanda polepole mpaka kileleni, inashuka kidogo chuma kikianza kukonda sehemu moja, alafu kinakatika.

Sasa weka namba za flati baa yetu: yildi MPa 250, kilele MPa 400, inakatika ikiwa imerefuka asilimia 25. Pleti ya springi: yildi MPa 1200, kilele 1350, inakatika kwenye asilimia 8. Hizi ni namba za kawaida za vyuma vya aina hiyo, pepa linaweza kukupa tofauti kidogo ila umbo la grafu ni lilelile.

Swali la 2. Kati ya zile sifa tano, ngapi zinasomwa kwenye hii grafu na kila moja iko wapi?

Nne. Uimara ni urefu wa kwenda juu, yaani stresi. Ukakamavu ni mteremko wa ule mstari mnyoofu wa mwanzo. Resiliensi ni eneo chini ya mstari mnyoofu peke yake, mpaka yildi. Ushupavu ni eneo lote chini ya grafu mpaka pale kilipokatika. Ugumu haumo, usiutafute. Kama kwenye pepa umesahau kila kitu, chora hii grafu pembeni na uandike juu, mteremko, eneo dogo, eneo lote, na tayari una sehemu kubwa ya maksi.

Hatua ya 2: soma sifa moja moja

Swali la 3. "Uimara wa flati baa ni MPa 250 au MPa 400?" Yupi kati ya wanafunzi wawili wanaobishana yuko sahihi?

Wote, ila kila mmoja ana uimara wake. 250 ni uimara wa yildi, stresi ambayo ukiizidi umbo halirudi. 400 ni uimara wa mwisho, stresi kubwa kuliko zote ambayo kipande kinaweza kubeba. Ukiulizwa uimara bila kuambiwa upi, andika vyote na useme ni vipi. Mtu anaedizaini kitu ambacho hakitakiwi kupinda moja kwa moja anaangalia yildi, na kwa kazi nyingi ndo hiyo.

Kwa mkono: fimbo ya chuma laini yenye kipenyo cha mm 10 ina eneo la mm² 78.5, zidisha kwa 250 unapata N 19,600, kama tani mbili hivi. Ya chuma cha springi yenye unene huohuo inafika N 94,000 kabla haijaanza kuharibika umbo.

Swali la 4. Chuma cha springi kina yildi karibu mara tano ya chuma laini. Je, ukakamavu wake pia ni mara tano?

Hapana, na hapa ndo wengi wanapoliwa maksi. Ukakamavu wa materiali unapimwa kwa modulasi ya Young, alama yake E, na kwa chuma E ni kama GPa 200, iwe laini, iwe ya springi, iwe tupa. Mstari mnyoofu wa vyuma vyote vitatu una mteremko uleule, tofauti ni kwamba wa flati baa unaishia 250 na wa springi unaendelea kupanda juu ya njia ileile mpaka 1200.

Sababu yake iko kwenye atomu. E inatokana na jinsi bondi kati ya atomu zinavyokataa kuvutwa, na atomu za chuma ni za chuma popote zilipo, kaboni asilimia moja hivi au chini ya hapo haibadilishi kitu cha maana. Yildi inatokana na kitu kingine kabisa, ni jinsi ilivyo rahisi kwa safu za atomu kuteleza moja juu ya nyingine, na huko ndiko kaboni na kupasha moto na kupoza kwa haraka vinakoingilia kati, vinaweka vizuizi safu zisiteleze.

Jaribu kwa namba. Vuta fimbo ya mita moja ya kila chuma kwa stresi ya MPa 200. Streini ni 200 gawa kwa 200,000, yaani 0.001, kwa hiyo zote zinarefuka mm 1. Hamna iliyozidi nyingine. Tofauti inaanza ukipita 250.

Swali la 5. Basi kama E ni ileile, mbona springi ya lori inacheza na boriti ya chuma haichezi?

Kwa sababu umechanganya ukakamavu wa materiali na ukakamavu wa kitu. Kitu kina umbo. Pleti ikipinda, unene wake unaingia kwenye hesabu ukiwa na kipeo cha tatu, kwa hiyo ukiongeza unene mara mbili bila kugusa upana wala urefu, ukakamavu wa ile pleti unakuwa mara nane, na E haijasogea. Springi inacheza kwa sababu imefanywa nyembamba na ndefu. Ukiona swali lina neno "materiali" jibu kwa E, ukiona lina "kipande" au "boriti" uliza kwanza umbo lake.

Swali la 6. Resiliensi ni nini, na kwa nini springi haitengenezwi kwa chuma laini?

Resiliensi ni nishati ambayo kila ujazo wa materiali unaweza kuipokea na kuirudisha yote, bila kubaki umepinda. Kwa kuwa ni eneo la pembetatu chini ya mstari mnyoofu, fomula yake ni fupi:

```
U = (yildi × yildi) / (2 × E)
```

Flati baa: 250 mara 250 ni 62,500, gawa kwa 400,000, unapata MJ 0.156 kwa mita ya ujazo. Springi: 1200 mara 1200 ni 1,440,000, gawa kwa 400,000, unapata MJ 3.6. Hiyo ni mara 23. Yildi imepanda mara 4.8 tu lakini kwa sababu imepigwa skwea, resiliensi imepaa hivyo. Ndo sababu springi zinatengenezwa kwa chuma chenye yildi kubwa.

Angalia pia E iko chini ya fomula, kwa hiyo materiali yenye E ndogo inaweza kuwa na resiliensi kubwa hata kama uimara wake ni wa kawaida. Raba ndo mfano unaotajwa kila mwaka.

Swali la 7. Ushupavu unatofautianaje na resiliensi, wakati vyote ni nishati na vyote vina yuniti ileile?

Mpaka wa kuhesabia. Resiliensi inaishia yildi, ushupavu unaenda mpaka kukatika. Kwenye resiliensi nishati inarudi, kwenye ushupavu nyingi imeliwa na chuma chenyewe kwa kuharibika umbo, ukikigusa kipande kilichokatika kwenye mashine ya kuvuta unakuta pale kilipokonda pana joto.

Kukadiria eneo lote bila kompyuta, chukua wastani wa yildi na kilele, zidisha kwa streini ya kukatika. Flati baa: wastani wa 250 na 400 ni 325, mara 0.25, kama MJ 81 kwa mita ya ujazo. Linganisha na 0.156 ya resiliensi, ni zaidi ya mara 500. Springi: wastani 1275 mara 0.08, kama MJ 102.

Simama hapo kwanza. Springi inarefuka chini ya theluthi ya flati baa na bado eneo lake ni kubwa kidogo. Kwa hiyo anaeandika "ushupavu ni uwezo wa kurefuka" anakosea, kurefuka ni upana wa grafu tu, na eneo linataka upana na urefu wa kwenda juu. Risasi, ile metali nzito, inaweza kurefuka sana lakini kilele chake hakifiki hata MPa 20, ukipiga eneo unapata kidogo.

Na mtego wa yuniti: MPa na MJ kwa mita ya ujazo ni kitu kimoja ukivifungua, maana N/m² ukizidisha juu na chini kwa mita unapata J/m³. Kwa hiyo mlinganyo wa yuniti hautakuokoa kama umetoa uimara mahali palipoulizwa ushupavu, lazima useme kwa maneno unachokipima.

Hatua ya 3: toka kwenye grafu, ingia kwenye ugumu

Swali la 8. Ugumu ni nini hasa, na unapimwaje?

Ni jinsi uso wa materiali unavyokataa kubonyezwa au kukwaruzwa na kubaki na alama. Njia ya Brinell, aliyoitoa Mswidi Johan August Brinell mwaka 1900, inakandamiza gololi ya mm 10 kwa mzigo wa kilo 3000, inashikilia sekunde kumi hivi, inaachia, alafu unapima kipenyo cha shimo kwa hadubini ndogo. Namba ya HB ni mzigo gawa kwa eneo la shimo lenyewe lililopinda. Kwenye flati baa shimo linakuja kama mm 5.4, ukipiga hesabu ni HB 120. Kwenye springi shimo ni kama mm 3, hiyo ni HB 400 na kitu. Kwenye tupa usitumie gololi, chuma kigumu hivyo kinapimwa kwa Rockwell C au Vickers ambazo ncha yake ni almasi.

Kwa karakana ambayo haina mashine yoyote, chukua tupa nzuri uipitishe kwenye kona ya kipande. Flati baa inaliwa bila kelele na unga unaanguka. Springi inaliwa kwa shida, unasikia tupa inakwaruza na inataka mkono. Tupa kwa tupa inateleza tu kama iko juu ya kioo. Hiyo haikupi namba ila inakupa mpangilio, na mpangilio mara nyingi ndo unaoulizwa.

Swali la 9. Kama ugumu hauko kwenye grafu, mbona lekchara anasema unaweza kukadiria uimara kwa kupima ugumu?

Kwa sababu gololi ikibonyeza chuma, inalazimisha safu za atomu ziteleze, na kuteleza huko ndiko kulikoamua yildi na kilele. Kwa vyuma vya kawaida, uimara wa mwisho kwa MPa ni kama 3.45 mara HB. Flati baa: 3.45 mara 120 ni 414, karibu na 400 yetu. Springi: 3.45 mara 400 ni 1380, karibu na 1350. Ni rahisi sana, shimo dogo badala ya kukata sampuli na kuivuta mpaka ife.

Mipaka yake ujue. Inashika kwa chuma cha kaboni na aloi zake za kawaida, usiipeleke kwenye alumini, wala kwenye kioo. Na kwa kitu kinachovunjika kwa ufa haifai, kwa sababu gololi inakandamiza na ufa unafunguka kwa kuvutwa.

Swali la 10. Kioo na alumini vina E karibu sawa, kama GPa 70. Kwa nini kimoja ni dirisha na kingine ni sufuria?

E sawa maana yake ukakamavu sawa, basi. Kioo kinaizidi alumini kwa ugumu, ncha ya alumini haikikwaruzi. Ila hakina ukanda wa kuharibika umbo, mstari unapanda unakatika, kwa hiyo ushupavu wake ni mdogo mno. Ukiona jibu linasema "kioo si kigumu ndo maana kinavunjika", futa.

Hatua ya 4: ushupavu ambao grafu haikuoneshi

Swali la 11. Tuseme chuma cha tupa, kabla hakijachongwa meno, kikivutwa kinapanda mnyoofu mpaka MPa 1500 na kinakatika hapohapo. Resiliensi yake na ushupavu wake ni ngapi?

1500 mara 1500 gawa kwa 400,000, kama MJ 5.6, na hiyo ndo resiliensi na ndo ushupavu pia kwa sababu hamna eneo lingine baada ya mstari mnyoofu. Kwa karatasi ina resiliensi kubwa kuliko springi! Mwanafunzi makini atauliza, sasa mbona hatutengenezi springi kwa chuma cha tupa?

Jibu ni mikwaruzo. Grafu ya kuvuta inatumia sampuli laini iliyong'arishwa. Springi ya lori inapigwa na kokoto, inapata kutu, pleti zinasuguana, na kila mkwaruzo unakusanya stresi kwenye ncha yake. Chuma chenye uwezo wa kuteleza kinabonyea kidogo pale kwenye ncha, stresi inatawanyika, mkwaruzo unabaki mkwaruzo. Chuma cha tupa hakina nafasi hiyo, ncha inafunguka kuwa ufa na ufa unakimbia. Ndo maana tupa ikitumika kama mtaimbo wa kubandulia kitu inakatika ghafla, na mkato wake hauna sehemu iliyokonda, vipande viwili ukiviunganisha vinakaa sawasawa.

Swali la 12. Kama grafu inadanganya hivyo, ushupavu mbele ya mkwaruzo unapimwaje?

Kwa testi ya Charpy. Sampuli ya mm 10 kwa 10 kwa 55 inachongwa mkato wa V wenye kina cha mm 2 katikati, inawekwa ikiegemea pande mbili, nyundo inayoning'inia inaachiwa kutoka juu inaipiga upande wa nyuma ya mkato. Nyundo ikivunja sampuli inapanda upande wa pili chini kidogo ya ilikoanzia, na ile tofauti ya kimo ukizidisha kwa uzito wake unapata jouli zilizoliwa. Jibu ni jouli, tofauti na MJ kwa mita ya ujazo, kwa hiyo usizilinganishe moja kwa moja.

Swali la 13. Meli ya mafuta Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili tarehe 16 Januari 1943 ikiwa imefungwa gatini Portland, Oregon, maji yametulia. Je, chuma chake kilikosa uimara?

Hapana. Stresi iliyokuwepo usiku ule ilikuwa chini sana ya yildi ya bamba zake. Kilichokosekana ni ushupavu kwenye baridi. Chuma laini cha aina ile, ukikipiga Charpy kwenye joto la kawaida kinakula jouli nyingi, ukishusha joto kuna mahali kinaporomoka na kuanza kuvunjika kama chuma cha tupa, na meli za wakati ule zilikuwa za kuchomelewa, ufa ukianzia kwenye uchomeleaji mbovu haukukuta mahali pa kuishia kama ilivyokuwa kwa bamba za kupigwa ribiti. Ukilijibu hili swali kwa namba za grafu ya kuvuta iliyofanyika kwenye joto la maabara, utasema meli ni salama. Taja joto, taja ufa.

Hatua ya 5: kesi moja, mpaka mwisho

Swali la 14. Fundi amekosa pleti ya springi, anaweka flati baa ya chuma laini yenye vipimo vilevile. Upana mm 60, unene mm 8. Tuibane upande mmoja kwenye vaisi, mm 500 ziwe nje, tupakie mzigo kwenye ncha. Nini kinatokea?

Anza na umbo. I ni upana mara unene kipeo cha tatu gawa kwa 12, yaani 60 mara 512 gawa kwa 12, mm⁴ 2560. Mzigo ukiwa F, urefu ulio nje L na unene t, kushuka kwa ncha d na stresi s pale kwenye vaisi ni:

```
d = F L^3 / (3 E I)
s = F L (t/2) / I
```

Weka N 200, kama kilo 20. Ncha inashuka mm 16, stresi ni MPa 156. Fanya kwa pleti ya springi, mm 16 tena na MPa 156 tena, kwa sababu kwenye fomula hizo hamna mahali pa kuweka yildi. Yaani kwa mzigo mdogo huwezi kuzitofautisha, lori likiwa tupu litakaa kimo kilekile na mwenye lori ataona amepata bei poa.

Sasa ongeza. Kwenye N 320, kama kilo 32, ncha ikiwa imeshuka mm 26, stresi ya flati baa inagonga 250, na kuanzia hapo inabaki imepinda. Weka N 600 na stresi ya kimahesabu ni 469, flati baa imeshalala, ukitoa mzigo hairudi ilipokuwa. Springi kwenye N 600 inashuka mm 49 ukitoa mzigo inarudi yote. Inaendelea hivyo mpaka N 1536, ncha ikiwa chini mm 125.

Piga nishati, nusu ya mzigo mara kushuka. Flati baa kabla ya kupinda imebeba jouli 4.2. Springi jouli 96. Gawa: 23, ileile ya swali la 6, na ndo njia ya kujua hesabu yako haijapotea njiani.

Kwenye jibu lako andika hivi: ukakamavu sawa, uimara na resiliensi ya flati baa ni ndogo, kwa hiyo dalili itakayoonekana ni lori kuinama upande mmoja baada ya kupakia na kupita kwenye mashimo, na pleti haitakuwa na ufa. Ukiandika "itavunjika" umekosa, ushupavu wa flati baa ni mzuri tu.

Swali la 15. Fundi mwingine anachomelea pleti ya springi iliyokatika. Wiki chache baadae inakatika tena, milimita kadhaa pembeni ya uchomeleaji. Sifa gani imepotea?

Ushupavu. Kile kipande cha pembeni kilipata moto mwekundu alafu kikapozwa haraka na chuma baridi kilichokizunguka, kwa hiyo kimekuwa kama tupa, ugumu umepanda na nafasi ya kuteleza imekwisha. Mbele yake kidogo kuna ukanda uliopashwa bila kufika mwekundu, huo ugumu wake umeshuka. Tupa ya mkono inaweza kukuonesha, ipitishe kuanzia mbali kuelekea kwenye uchomeleaji, inakula kwa shida, inakula vizuri, alafu ghafla inateleza. Ukakamavu, kama kawaida, haujaguswa.

Swali la 16, la mwisho na ndo linalopenda kuja na maksi nyingi. Chukua tupa, ipashe mpaka iwe nyekundu, ifukie kwenye majivu ipoe usiku kucha. Sema nini kimetokea kwa kila sifa.

Ugumu umeshuka, tupa nyingine sasa inaikwaruza. Uimara umeshuka, fuata ugumu. Resiliensi imeshuka, na imeshuka kwa skwea kwa sababu yildi imeshuka. Ushupavu umepanda, sasa ukiibana kwenye vaisi na kuipiga nyundo inapinda kabla haijakatika. Ukakamavu uko palepale, E ni GPa 200 kabla na baada, na kama una njia ya kupima, bana tupa mbili zinazofanana, moja iliyopashwa na nyingine haijapashwa, ning'iniza mzigo mdogo uleule kwenye kila ncha, zitashuka sawa.